Nakala ya dhahabu au testi za tabia? Kuchagua kinga ya msimbo wa zamani usioeleweka na yeyote

Yadi moja ya makontena huku Changamwe, Mombasa, ina programu ya kukokotoa ada ya hifadhi. Imeandikwa kwa PHP, aliyeiandika aliondoka zamani, na hakuna aliyebaki anayeweza kusema kwa hakika kwa nini kila mstari uko pale ulipo. Kontena likitoka getini, programu hiyo ndiyo inayotoa ankara. Niliitwa kubadilisha kitu kimoja tu: ada ya siku za mwisho ipande kutoka shilingi 4,000 hadi 4,500 kwa siku. Mstari mmoja. Lakini hapakuwa na testi hata moja, na hakuna aliyeweza kuniambia mstari huo unagusa nini kingine.

Kuandika programu upya ni wazo linalomjia kila anayekutana na hali kama hii. Mimi sikulikubali. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mbachao huu, pamoja na matundu yake, ulikuwa ukitoa ankara kila siku bila kukosa. Kilichohitajika ni kuuzungushia kinga kabla ya kuushika. Kinga ziko za aina mbili, na watu wengi hukwama katikati wasijue waanze na ipi.

Ya kwanza ni nakala ya dhahabu, ambayo wengi huiita goldeni masta. Jina limetoka kwa warekodi wa muziki, kwenye ile nakala mama ambayo nyingine zote hutolewa kwayo. Unaipa programu maingizo mengi, unahifadhi kila inachotoa kwenye faili, kisha kila ukibadilisha msimbo unaiendesha tena na kulinganisha faili jipya na lile la mwanzo. Ya pili ni testi za tabia, zilizopewa jina hilo na Michael Feathers katika kitabu chake cha mwaka 2004 kuhusu msimbo wa zamani. Hapa unaingia ndani ya msimbo, unachukua fanksheni moja, unaiuliza swali moja dogo, na jibu lake unaliandika kama testi. Zote mbili zinaandika kile programu *inachofanya* leo, kiwe sahihi au kiwe kosa. Tofauti yao ni mahali pa kusimama: ya kwanza inasimama mlangoni, ya pili inaingia chumbani.

## Tunapimia nini

Nitazipima kwa mambo manne, na kila moja nitaiuliza yale yale. Ulinzi unafika lini, yaani ni muda gani kabla hujaweza kugusa msimbo kwa usalama. Ikivunjika inakuambia nini. Inakuwaje msimbo ukibadilishwa kwa makusudi, pale tofauti inapokuwa ndiyo kazi uliyotumwa. Na mwisho, ni kitu gani haikioni.

Ili tusizungumze hewani, huu hapa ndio moyo wa ile programu. Bei nimezibadilisha, na nimeubana sana; wenyewe ulikuwa umetawanyika kwenye mistari zaidi ya 900, huku maswali kwa hifadhidata yakiwa yamechanganywa na hesabu.

```php
function jumla($ingia, $toka, $futi, $aina, $mteja) {
    $siku  = siku_kati($ingia, $toka);
    $bure  = ($aina == 'T') ? 10 : 5;
    $zaidi = $siku - $bure;
    if ($zaidi <= 0) return 0;
    $ada = min($zaidi, 5) * 2000;
    if ($zaidi > 5) $ada += ($zaidi - 5) * 4000;
    if ($futi > 20) $ada *= 2;
    $kodi = ($toka >= '2020-04-01' && $toka <= '2020-12-31') ? 0.14 : 0.16;
    $jumla = round($ada * (1 + $kodi), 2);
    if ($mteja == 114) $jumla = round($jumla, -2);
    return $jumla;
}
```

Kontena la futi 20 la mteja wa hapa nchini, yaani aina `L`, likikaa siku 12, lina siku 5 za bure na 7 za kulipiwa. Tano za kwanza ni 2,000 kila moja, mbili zilizobaki ni 4,000 kila moja: jumla 18,000. Ongeza kodi ya asilimia 16, unapata 20,880. Kumbuka tarakimu hii, tutakutana nayo tena.

Mstari wa kodi una historia yake. Kenya ilishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili 2020, ikairudisha 16 tarehe 1 Januari 2021. Programu bado inahitaji kujua hilo kwa sababu wateja huja kuomba ankara za zamani zichapishwe tena.

## Nakala ya dhahabu

Ulinzi unafika lini. Haraka. Huhitaji kuuelewa msimbo, unahitaji tu kuweza kuuendesha. Niliweka nakala ya hifadhidata kwenye kompyuta yangu, nikaandika programu ndogo inayosoma safu za makontena moja moja na kutoa ankara yake, basi. Lakini kuna hatua mbili ambazo ukiziruka utakuwa umejenga ukuta wa karatasi.

Ya kwanza ni kuondoa kila kinachobadilika chenyewe. Ankara zile zilichapa saa ya kuchapishwa na namba ya mfululizo, kwa hiyo hakuna ankara mbili zilizoweza kufanana. Nilibadilisha sehemu hizo kwa neno moja lisilobadilika kabla ya kulinganisha. Namna ya kujua kama umemaliza ni rahisi: endesha mara mbili bila kugusa msimbo wowote. Kukiwa na tofauti hata moja, hujamaliza.

```bash
php -d date.timezone=UTC endesha.php < maingizo.csv > mpya.txt
diff -u dhahabu.txt mpya.txt
```

Huo mpangilio wa saa kwenye mstari wa kwanza haukuja bure. Yadi ilikuwa tayari na jumla za ankara zote ilizowahi kutoa, kwa hiyo kabla ya kuliamini faili langu nililinganisha na jumla hizo. Nyingi zililingana. Zisizolingana zilikuwa karibu zote za makontena yaliyopita getini kati ya saa sita na saa tisa usiku. Muda wa getini ulihifadhiwa kama sekunde tangu 1970, na seva ilikuwa ikisoma saa ya UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu kwa saa tatu. Kontena lililotoka saa saba na nusu usiku lilihesabiwa limetoka jana yake, saa nne na nusu. Kompyuta yangu ilikuwa kwenye saa ya Nairobi, ikahesabu siku moja zaidi. Nakala yangu ingekuwa shahidi wa programu ambayo haipo popote isipokuwa mezani pangu. Kwa hiyo, ukiwa na matokeo halisi yaliyokwisha kutolewa, yatumie kuihakiki nakala kabla ya kuiita ya dhahabu.

Hatua ya pili ni kuijaribu nakala yenyewe. Mara ya kwanza nilitumia safu za mwezi mmoja, nikaona zinatosha. Kisha nikauharibu msimbo kwa makusudi mara 10, uharibifu mmoja mmoja, nikitazama kama `diff` italalamika. Mara 8 ililalamika. Nilipobadilisha `0.14` kuwa `0.15`, kimya. Nilipobadilisha `114` kuwa `115`, kimya. Mwezi ule haukuwa na kontena la mwaka 2020 wala la mteja nambari 114, kwa hiyo mistari hiyo miwili ilikuwa wazi kabisa bila kinga, na faili lilionekana zuri tu. Nikachukua safu za miaka yote, zaidi ya 30,000, na uharibifu wote 10 ukakamatwa. Kuendesha kulichukua chini ya dakika mbili.

Tahadhari moja kabla sijaendelea: safu hizo zina majina ya watu na namba zao za kodi. Zibadilishe kabla faili halijaingia kwenye git. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitofautishi kati ya hifadhidata ya kazi na faili la testi.

Ikivunjika inakuambia nini. Inakuambia *kwamba* kitu kimebadilika, na kwenye safu ipi. *Kwa nini* ni kazi yako kutafuta. Katika kusafisha, niliufuta ule mstari wa mteja 114. Hakuwamo kwenye orodha ya wateja wa sasa, na kuzungusha jumla kwa mteja mmoja kulionekana kama mabaki ya jaribio la mtu. Dakika mbili baadaye:

```
-18342|114|20|L|20900.00
+18342|114|20|L|20880.00
```

Nilimpelekea mhasibu wa yadi, mama aliyekaa pale kuliko mtu mwingine yeyote. Akatazama, akasema, "Huyo tulikubaliana naye alipe kwa mia kamili, mwanangu. Alikuwa akilipa taslimu pale getini, na chenji ilikuwa ikileta ugomvi kila mara. Usiiguse, ankara zake za zamani bado anaziitisha." Hakuna testi ambayo ningeiandika kwa akili yangu ingemuuliza mteja 114 lolote. Nakala ya dhahabu ilimlinda bila mimi kujua yupo, na hiyo ndiyo nguvu yake kubwa kuliko zote.

Udhaifu wake upande huu huonekana ukifanya mabadiliko mengi kwa mpigo. Ukikaa saa tatu bila kuendesha, kisha ukapata tofauti 6,000, faili halitakuonyesha ni badiliko lipi lililozileta. Nilijizoeza kuendesha kila baada ya badiliko dogo, na tofauti ikitokea nisiyoitarajia, narudisha msimbo ulipokuwa badala ya kuanza kuchunguza.

Msimbo ukibadilishwa kwa makusudi. Hapa ndipo watu wengi huumia. Nilipobadilisha 4,000 kuwa 4,500 moja kwa moja, kama nilivyoambiwa, maelfu ya safu yalitofautiana, zikiwemo za 2020 na 2021. Ingekuwa rahisi kusema, "Naam, bei imepanda, ni kawaida," na kulifanya faili jipya kuwa la dhahabu. Lakini zile zilikuwa ankara zilizokwisha kulipwa. Mteja akiomba nakala ya ankara yake ya 2021 angepewa jumla nyingine kabisa. Ule mstari mmoja ulihitaji sharti la tarehe, na nilipoliweka, tofauti zilipaswa kuwa sifuri, maana safu zote nilizokuwa nazo zilikuwa za zamani. Zikawa sifuri.

Pale ambapo tofauti *inatakiwa*, andika utabiri wako kabla ya kuendesha: safu ngapi zitabadilika, zipi, na kwa kiasi gani. Ikiwa ulitabiri 9 na zimekuja 11, usikubali faili mpaka uzijue hizo mbili. Bila utabiri, kukubali faili jipya hugeuka mazoea ya kidole, na siku hiyo kinga yako imekwisha ingawa kila kitu bado kinaonyesha kijani.

Haioni nini. Haioni kosa. Inalinda kosa na usahihi kwa mapenzi yale yale. Haioni pia njia ambazo maingizo yako hayajazipita, wala kile ambacho programu inafanya bila kukitoa nje: kuandika kwenye jedwali jingine, kutuma ujumbe kwa simu ya mteja. Ukitaka hayo yalindwe, lazima uyageuze kuwa maandishi, kwa mfano kwa kuchapa yaliyomo kwenye jedwali kabla na baada.

Inamfaa mwenye msimbo ambao hawezi bado kuufungua, mwenye data nyingi za kweli mkononi, na ambaye programu yake inatoa kitu kinachoweza kuandikwa kwenye faili: ankara, ripoti, hesabu ya mishahara, faili la kupeleka benki.

## Testi za tabia

Ulinzi unafika lini. Polepole, na kwa vipande. Kikwazo cha kwanza ni kufika kwenye fanksheni. Ile `jumla` uliyoiona hapo juu haikuwepo. Hesabu ilikuwa katikati ya maswali ya hifadhidata na amri za kuchapa HTML. Ili niiulize swali ilibidi kwanza niitenganishe, na kutenganisha ni kubadilisha msimbo usio na testi. Huu ni mduara unaojulikana na kila aliyewahi kufanya kazi hii. Unaweza kuuvunja kwa hatua ndogo sana za kiufundi, kama kukata mistari na kuihamishia kwenye fanksheni bila kubadilisha hata herufi, lakini hofu haikuachi.

Ukishafika, kuandika kwenyewe ni kwepesi. Unaandika jibu ambalo unajua si kweli, unaiacha testi ianguke, na yenyewe inakuambia jibu la programu.

```php
public function test_siku_12_futi_20_wa_hapa() {
    $this->assertEquals(0,
        jumla('2021-03-01 08:00:00', '2021-03-12 10:00:00', 20, 'L', 7));
}
```

```
Failed asserting that 20880.0 matches expected 0.
```

Unachukua 20880, unaiweka mahali pa sifuri, na testi inapita. Anayeanza huona kama anadanganya mtihani. Sivyo, kwa sababu swali hapa ni programu inafanya nini. Inapaswa kufanya nini ni swali la baadaye.

Kazi yenyewe iko kwenye kuchagua maswali. Mipaka ndiyo yenye thamani: siku ya 5 na ya 6, ya 10 na ya 11, futi 20 na 40, siku ya kwanza na ya mwisho ya kila kiwango cha kodi. Kwa fanksheni hii nilifika kama testi 20, nusu siku ya kazi. Kwa programu nzima ya mistari 900 ingekuwa wiki kadhaa.

Ikivunjika inakuambia nini. Karibu kila kitu. Testi ikianguka, jina lake linasema ni siku ya ngapi, kontena la aina gani, na ilitarajiwa shilingi ngapi. Nilipobadilisha bei bila sharti la tarehe, testi ile ya juu ilisema ilitarajia 20,880 ikapata 22,040. Tofauti ni 1,160, yaani siku mbili kwa 500 pamoja na kodi yake. Nilijua mara moja ni mstari upi. Nakala ya dhahabu ilinipa maelfu ya safu kwa kosa lile lile. Testi za tabia zilinipa chache tu, kila moja na jina lake.

Msimbo ukibadilishwa kwa makusudi. Unabadilisha testi zinazohusika pekee, moja moja, kwa mkono. Ni taratibu, na utaratibu huo wenyewe ni ulinzi, kwani kila tarakimu unayoibadilisha unaitazama. Mtu mwingine akisoma mabadiliko yako kwenye git anaona testi tatu zilizoguswa na anaweza kuuliza kuhusu kila moja. Hakuna atakayesoma faili la dhahabu lenye mistari 30,000 namna hiyo. Ubaya hutokea testi zikishikamana mno na umbo la msimbo: ukiigawa fanksheni kuwa mbili au ukiongeza kigezo kimoja, testi 20 zinaacha kufanya kazi ingawa hakuna shilingi iliyobadilika. Nakala ya dhahabu haijali unavyopanga upya vyumba, mradi mlango ubaki pale pale.

Haioni nini. Haioni ambacho hukuuliza. Mteja 114 ni mfano. Kipimo cha mistari iliyopitiwa na testi husaidia hapa, kwa kuwa mstari ambao hakuna testi iliyoupita hujitokeza, na ungejiuliza ni wa nini. Lakini mstari kupitiwa hakumaanishi kwamba mipaka yake imeulizwa.

Kwa upande mwingine, testi hizi ndizo zilizonionyesha kosa ambalo nakala ya dhahabu ililibeba bila kusema neno. Nilipokuwa nikiuliza mipaka ya kodi, nilichukua kontena lililoingia tarehe 20 Desemba 2020 na kutoka tarehe 31 Desemba saa nane mchana. Siku 12, ada 18,000. Kwa asilimia 14, nilitarajia 20,520. Programu ikajibu 20,880.

Rudi kwenye mstari wa kodi uutazame. Tarehe ya kutoka ina saa ndani yake, `2020-12-31 14:20:00`, na inalinganishwa kama maandishi na `2020-12-31`. Maandishi marefu yanayoanza sawa na mafupi huhesabiwa makubwa zaidi, kwa hiyo siku nzima ya tarehe 31 ilianguka nje ya kipindi. Kila aliyetoa kontena siku hiyo na kulipia hifadhi alitozwa kodi ya asilimia 16 badala ya 14. Safu hizo zilikuwemo kwenye faili langu la dhahabu tangu siku ya kwanza, na mimi nilizipita mara nyingi bila kuziona. Ni mpaka nilipoandika 20,520 kwa mkono wangu ndipo kosa lilipojitokeza.

Sikulirekebisha siku ile. Testi niliiacha na jibu la programu, nikaipa jina `test_31_desemba_2020_asilimia_16_SHAKA`, nikampelekea mhasibu. Ankara za siku hiyo zilikuwa zimeshaingia kwenye hesabu za kodi za yadi, na kuchapisha nakala zenye jumla tofauti kungeleta utata mpya. Uamuzi wa namna hiyo ni wa wenye biashara. Wakiamua irekebishwe, inakuwa kazi yake peke yake, na utabiri wa safu 9 nilizozihesabu ndio utakaonionyesha kama nimegusa hizo tu.

Zinamfaa atakayekaa na msimbo huo kwa muda, anayelazimika kuuelewa ili aufanyie kazi tena na tena, na anayeweza kufika kwenye fanksheni bila kuvunja nusu ya nyumba. Zinafaa pia timu, kwa sababu mgeni akizisoma anajifunza sheria za ada haraka kuliko kwa kusoma msimbo wenyewe.

## Kwa hali yako

Ukiwa huwezi kuendesha fanksheni peke yake, kwa sababu kila kitu kimeshikana na hifadhidata na kurasa, anza na nakala ya dhahabu. Itakupa usalama wa kukata na kutenganisha, na ukishatenganisha unaweza kuandika testi za tabia kwenye kipande ulichokitoa. Ndivyo nilivyofanya, na kwa programu za ankara na hesabu naona ni mpangilio wenye nguvu.

Badiliko lako likiwa dogo, mahali pamoja, na fanksheni inafikika, usihangaike na safu elfu 30. Andika testi za tabia 10 au 15 kuzunguka mstari huo, ukazanie mipaka, uende.

Ukiwa unahamisha programu nzima, kwa mfano kutoka toleo la zamani la PHP kwenda jipya au kutoka seva moja kwenda nyingine, nakala ya dhahabu inakutosha kwa sehemu kubwa. Huna nia ya kubadilisha tabia yoyote, na tofauti yoyote ni habari mbaya. Testi za tabia katika hali hiyo zitakugharimu wiki na bado zitaacha mianya.

Programu ikiwa haitoi kitu cha kuhifadhi, bali inatuma ujumbe, inaita huduma za nje, au inabadilisha hali ya vitu ndani kwa ndani, kuilazimisha itoe faili huwa kazi kubwa kuliko faida. Hapo testi za tabia kwenye fanksheni chache zenye maamuzi mazito ni njia fupi.

Huna data za kweli, au huruhusiwi kuzitumia? Unaweza kutengeneza maingizo kwa kuchanganya thamani: siku kuanzia 1 hadi 20, futi 20 na 40, aina mbili, tarehe chache za mipakani. Mchanganyiko huo unazaa mamia ya safu kwa mistari michache ya msimbo. Lakini mteja 114 hatakuwemo mpaka umtafute kwa kusoma, kwa hiyo hapa usiache ule uharibifu wa makusudi, wala usifupishe idadi yake.

Na ikiwa unashuku kwamba programu ina makosa tayari, kwamba wateja wanalalamika au hesabu hazifungi mwisho wa mwezi, nakala ya dhahabu haitakusaidia kuyapata. Kaa na mhasibu, chukueni ankara tano zenye utata, mzikokotoe kwa karatasi, na kila moja uiandike kama testi ya tabia yenye tarakimu mbili ndani yake: ile inayotoka kwenye programu, na kando yake kwenye maelezo, ile iliyotoka kwenye karatasi.